Muhtasari wa somo lililorekodiwa haumsaidii mwanafunzi: dalili, vyanzo na tiba

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha wageni amerekodi kipindi cha dakika 50, amekisikiliza upya, ameandika muhtasari wa sehemu tatu (msamiati, vifungu vya kusemea na sarufi), kisha amemtumia mwanafunzi. Wiki inayofuata mwanafunzi anasema ameusoma wote, na bado anarudia makosa yaleyale. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mwanafunzi anayejiandalia muhtasari mwenyewe anaweza kufuata njia hiihii, ila kwa dalili ya tano atahitaji mwalimu wake amkagulie.

Dalili huonekana wakati wa kudurusu, lakini kosa lenyewe lilifanyika mapema zaidi, wakati wa kusikiliza rekodi. Mara nyingi aliyeandika alikuwa anafuata anachosema mwalimu. Muhtasari wenye faida hutoka kwingine: pale mwanafunzi alipokwama, alipokosea au alipouliza.

Tutatumia kipande kimoja cha mfano. Mwanafunzi ni wa ngazi ya mwanzo, mada ni kueleza kitu kilichopotea, na mazungumzo yanaanza dakika ya 14 na sekunde 20:

Mwalimu: Umepoteza nini?
Mwanafunzi: Nimepoteza ufunguo yangu.
Mwalimu: Ah, ufunguo wangu. Umeupoteza wapi?
Mwanafunzi: Sijui. Nimeupoteza jana.
Mwalimu: Uliupoteza jana. Umeutafuta?
Mwanafunzi: Ndiyo, nimetafuta, lakini… hapana kuona.
Mwalimu: Lakini sijauona.
Mwanafunzi: Sijauona.

Ni nusu dakika tu, na ndani yake mna karibu kila tatizo linaloharibu muhtasari.

Dalili ya 1: Orodha ya msamiati ni ndefu na haikumbukwi

Kwanza hesabu maneno. Kwa kipindi cha dakika 50, maneno 12 hadi 15 ya kujifunza kwa dhati yanatosha. Ukikuta 40 au 60, tazama kama orodha imejaa kwa sababu moja kati ya mbili.

Sababu ya kwanza ni kuandika neno moja kwa sura nyingi. Anayeandika huku akisikiliza huchukua neno kama lilivyotamkwa, kwa hiyo kutoka kwenye kipande chetu ataandika *umepoteza*, *nimepoteza*, *umeupoteza* na *uliupoteza*. Kwa mgeni hayo ni maneno manne ya kukariri, kumbe ni kitenzi kimoja. Tambua hali hii kwa kuipanga orodha upya: vua kila kitenzi viambishi vya mwanzo, andika kilichobaki kwa kistari (*-poteza*, *-tafuta*, *-ona*), kisha futa yaliyojirudia. Angalia pia vikanushi vya wakati uliopo. *Sipotezi* na *sitafuti* huishia kwa *-i*, na asiyekumbuka hilo huviingiza kama maneno mapya.

Sababu ya pili ni kuandika kila neno lililopita. Hapa panahitajika kigezo, na kigezo kiko kwenye sauti ya mwanafunzi. Neno liingie kama aliliuliza, au alilihitaji akalikosa, au alilitumia vibaya. Kulikosa neno kunasikika waziwazi: anasita katikati ya sentensi, anavuta irabu, anahamia lugha yake, au anazunguka kwa maneno mengine. Neno ambalo mwalimu alilitaja na mwanafunzi akajibu bila kusita halina haja ya kuingia, hata kama ni zuri. Yale ambayo mwalimu aliyaeleza kwa hiari yake, bila mwanafunzi kuyahitaji, yaweke chini ya mstari kwa kichwa “ya kutambua tu”, yasizidi matano. Mwanafunzi hatajaribiwa nayo.

Dalili ya 2: Neno analijua, sentensi inaharibika

Ukimuuliza jina la kitu cha kufungulia mlango analitaja papo hapo. Akilitumia anasema *ufunguo yangu imepotea*. Hapa kumbukumbu yake haina shida. Shida ni kwamba muhtasari ulimpa neno na tafsiri peke yake, bila kile kinachomwezesha kulipatanisha na maneno mengine.

Kwa nomino, taarifa ya lazima ni umoja, wingi na upatanisho. Watu wengi huandika jina la ngeli, “U-ZI”, wakadhani wamemaliza. Jina la ngeli ni lebo, na mwanafunzi wa mwanzo hawezi kuigeuza kuwa sentensi haraka akiwa anaongea. Mpe sentensi mbili fupi zenye kimilikishi na kitenzi, naye atasikia upatanisho badala ya kuupiga hesabu:

ufunguo / funguo
*Ufunguo wangu umepotea.*
*Funguo zangu zimepotea.*

Maandishi yameongezeka kidogo tu, ila sasa *w-*, *u-*, *z-* na *zi-* vyote viko mahali pake. Jina la ngeli liandike pembeni kwa yule anayelipenda.

Kwa vitenzi, tatizo kubwa ni jozi zinazofanana. Kwenye somo hili mwanafunzi atakutana na *-potea* na *-poteza*, na katika lugha nyingi jozi hiyo hutafsiriwa kwa neno lilelile au kwa maneno yanayokaribiana sana. Muhtasari ukiyaandika mbalimbali, kila moja na tafsiri yake, atasema *nimepotea ufunguo*. Yaandike pamoja, na uonyeshe nani ni mtenda:

*-potea*: kitu chenyewe. *Ufunguo umepotea.*
*-poteza*: mtu na kitu chake. *Nimepoteza ufunguo.*
Angalia: *Nimepotea* = sijui niko wapi.

Mstari wa tatu ndio unaomwokoa, kwa sababu *nimepotea* ni sentensi sahihi kabisa. Msikilizaji hatamsahihisha. Atamwelekeza njia.

Ukitaka kujua kama dalili hii ipo kwenye muhtasari wako, chukua maneno matano yoyote kutoka kwenye orodha na ujaribu kuunda sentensi ya kila moja kwa kutumia yaliyoandikwa tu, bila kutegemea Kiswahili chako mwenyewe. Ukilazimika kuchota kichwani mwako, taarifa haijakamilika.

Dalili ya 3: Vifungu amevikariri, lakini havimtoki mdomoni

Chanzo cha kawaida ni kwamba vifungu vimeandikwa kwa upande wa mwalimu. Ndani ya kipindi mwalimu huuliza na mwanafunzi hujibu, kwa hiyo rekodi imejaa *umeupoteza wapi?* na *umeutafuta?* Hayo ni maneno ambayo mwanafunzi anapaswa kuyaelewa akiulizwa. Yeye mwenyewe anahitaji *nimepoteza…*, *sijauona* na *naomba unisaidie kuutafuta*. Muhtasari unaochanganya pande hizi mbili kwenye orodha moja humfundisha kuuliza maswali yanayomhusu yeye.

Gawa sehemu ya vifungu mara mbili: “utakavyosikia” na “utakavyosema”. Kisha viweke kwa jozi, swali na jibu lake:

Utasikia: *Mara ya mwisho uliuona wapi?*
Utasema: *Mara ya mwisho niliuona mezani.*

Utasikia: *Umetafuta wapi?*
Utasema: *Nimetafuta mfukoni na chini ya meza, lakini sijauona.*

Jozi 3 au 4 zinatosha kwa somo moja. Maneno ya kuendeshea darasa, kama *rudia tena* na *vizuri sana*, yasiingie humu kila wiki. Yawekwe kwenye karatasi moja ya kudumu na kuachwa huko.

Chanzo cha pili ni kifungu kilichofungamana mno na tukio la siku hiyo. *Ufunguo wangu wa ofisi umepotea jana jioni* ni sentensi ya mara moja tu, na ina kosa la wakati juu yake. Acha nafasi ya kubadilisha: *Nimepoteza ___ yangu/wangu/changu*, na chini yake vitu vitatu vya ngeli tofauti ambavyo mwanafunzi anavijua tayari: *simu yangu, mkoba wangu, kitabu changu*. Tahadhari moja: kwenye Kiswahili nafasi tupu haibadilishi nomino peke yake, kwa kuwa kimilikishi na kiambishi cha kitenzi hubadilika nayo. Ukiacha pengo la nomino tu huku *wangu* imebaki vilevile, umemtegea mtego. Andika angalau mfano mmoja kamili wa kila ngeli uliyoitaja.

Dalili ya 4: Maelezo ya sarufi yanaeleweka, makosa hayapungui

Hii ndiyo dalili ngumu kuliko zote. Mwanafunzi anaweza hata kukueleza kanuni kwa ufasaha, kisha akaivunja kwenye sentensi inayofuata.

Tazama hoja ya sarufi ilivyoanza kwenye muhtasari. Ikiwa imeanza na jina la mada, kwa mfano “Wakati -me-”, kuna uwezekano mkubwa iliandikwa kutokana na maelezo ya mwalimu au kutoka kitabuni. Sasa rudi kwenye rekodi utafute kosa lililosababisha maelezo hayo. Kwenye kipande chetu mwanafunzi alisema *nimeupoteza jana*. Hakushindwa kuunda *-me-*, kwa sababu aliiunda vizuri kabisa. Alichokosa ni kujua kwamba ukitaja wakati uliokwisha, kama *jana* au *wiki iliyopita*, Kiswahili sanifu kinataka *-li-*. Ukurasa mzima unaoeleza jinsi ya kuunda *-me-* hautamsaidia, kwa sababu unatibu sehemu isiyouma. Na ukimwandikia kwamba “*-me-* ni kwa mambo yaliyotokea karibuni”, umemwongezea tatizo: jana ni karibuni, kwa hiyo ataendelea kusema *nimeupoteza jana* akiamini anafuata kanuni.

Kila hoja ya sarufi iandikwe kwa mpangilio huu: alichosema, kinachotakiwa, kinachoamua, kisha mazoezi mawili au matatu. Kwa mfano wetu:

Ulisema: *Nimeupoteza jana.*
Sema: *Niliupoteza jana.*
Kinachoamua: umetaja lini? Ukisema *jana*, *juzi*, *mwaka jana*, tumia *-li-*. Usipotaja wakati, na ufunguo bado haupo, *nimeupoteza*.
Kamilisha: *(-ona) ___ mezani jana.* / *(-tafuta) ___, lakini sijauona.*

Majibu ni *niliuona* na *nimeutafuta*, na yawekwe nyuma ya karatasi au mwisho wa faili, mbali na swali.

Hoja ya pili katika kipande hiki ni *hapana kuona*. Usiifanye kuwa “ukanushi wa nyakati zote”. Mwanafunzi alihitaji kitu kimoja: kinyume cha *nimeuona*. Mwonyeshe viungo vyake mara moja, *si-ja-u-ona*, na umpe mwenzake wa pekee atakayemhitaji kutokana na hoja ya kwanza: *sikuuona jana*, yaani *si-ku-u-ona*. U mbili hizo huwashangaza wengi na huandikwa moja kimakosa. Ya kwanza ni ya kikanushi *-ku-*, ya pili ni ya ufunguo. Jedwali la nafsi sita kwa nyakati nne lisubiri siku yake.

Hoja mbili za sarufi kwa kipindi zinatosha, tatu ikiwa ya tatu ni ndogo. Zikiwa tano, chagua makosa yaliyojirudia na yale yaliyofanya usimwelewe. Mengine yaandike kwenye daftari lako wewe mwalimu kwa ajili ya kipindi kijacho.

Dalili ya 5: Kosa limeingia kwenye muhtasari na sasa linakaririwa

Mwalimu mzuri husahihisha bila kukatiza. Hurudia sentensi kwa usahihi na kuendelea na mazungumzo. Njia hiyo ni nzuri darasani, lakini anayeandika muhtasari huipita kwa urahisi, kwa kuwa inasikika kama jibu la kawaida. *Ah, ufunguo wangu* inaonekana kana kwamba mwalimu anazungumzia ufunguo wake mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba *ufunguo yangu* ya mwanafunzi inanakiliwa, na sahihisho lake linaachwa.

Kila mwalimu anaporudia maneno ya mwanafunzi, simamisha rekodi na ulinganishe sauti kwa sauti. Kama kuna tofauti, hapo pana sahihisho. Ukiwa unanukuu, weka herufi mwanzoni mwa kila mstari, M kwa mwalimu na F kwa mwanafunzi, hata kama unaharakisha. Mstari usio na mwenyewe usiingie kwenye muhtasari.

Pima pia kama mwanafunzi amelimiliki sahihisho. Alipoambiwa *umeupoteza*, alijibu *nimeupoteza*, na *-u-* ilionekana kama ameishika. Sentensi mbili baadaye alisema *nimetafuta* bila *-u-*. Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa mwangwi tu. Usiandike “ameelewa kiambishi cha mtendwa” kwa ushahidi wa jibu linalofuata maneno ya mwalimu moja kwa moja. Subiri alitumie bila kusikia mfano kwanza.

Chanzo kingine ni matamshi ya haraka. Mwalimu akisema *ntakusaidia* au *nshaupata*, mwandishi anaweza kuandika alichosikia, au akadhani amesikia vibaya na kubuni kingine. Andika umbo kamili (*nitakusaidia*, *nimeshaupata*) na pembeni namna linavyosikika mtaani, ukieleza wazi kuwa hilo ni la kusikiliza. Yote mawili yana faida, ila mwanafunzi asiyetofautishiwa ataandika *nshaupata* kwenye barua rasmi.

Pale usipopasikia vizuri, punguza mwendo wa rekodi hadi 0.75. Kwenye programu ya VLC ya kompyuta ya Windows au Linux, kitufe cha `[` hupunguza mwendo kidogo kidogo na `=` huurudisha kuwa wa kawaida. Ukishapunguza zaidi ya nusu, irabu huvutika mno na silabi fupi kama *-u-* hupotea sikioni mwako, kwa hiyo ni bora kurudia mara tatu kwa 0.75 kuliko mara moja kwa 0.4. Bado hupasikii? Paache nje ya muhtasari.

Dalili ya 6: Kazi haimaliziki

Ikiwa kipindi cha dakika 50 kinakuchukua saa tatu, unanukuu kila neno. Acha. Sikiliza mara mbili tu. Mzunguko wa kwanza upite bila kusimama, na kazi yako iwe kuandika muda na alama: `14:20 K` kwa kosa, `N` kwa neno alilokosa, `S` kwa swali. Mzunguko wa pili usisikilize somo zima. Ruka kutoka alama hadi alama na unukuu sekunde 20 au 30 za kila moja. Ukiwa na mazoea ya kuandika saa kwenye karatasi wakati somo lenyewe linaendelea, mzunguko wa kwanza hauhitajiki kabisa.

Muda ulioandikwa una faida nyingine. Mwanafunzi huhitaji kusikia sentensi ikisemwa, na unaweza kumkatia kipande chake kwa programu ya `ffmpeg`, ukiandika amri hii kwenye terminali ya kompyuta:

```
ffmpeg -ss 00:14:20 -to 00:14:50 -i somo.m4a -c copy kipande.m4a
```

Vipande vitatu au vinne kwa somo vinatosha, kimoja kwa kila jozi ya vifungu. Kata palipo na umbo sahihi mwishoni, ili sauti ya mwisho anayobaki nayo iwe *sijauona*.

Kabla ya kutuma

Andika kwenye karatasi sentensi zote zenye kosa alizosema mwanafunzi, kama alivyozisema. Kisha jaribu kusahihisha kila moja kwa kutumia muhtasari peke yake, na uonyeshe kwa kidole mstari unaoisahihisha. *Ufunguo yangu* inasahihishwa na mstari wa *ufunguo / funguo* kwenye msamiati. *Nimeupoteza jana* inasahihishwa na hoja ya kwanza ya sarufi, na *hapana kuona* na hoja ya pili. Sentensi isiyopata mstari wake inaonyesha pengo, na hapo una uamuzi wa kufanya: kuongeza, au kuiacha kwa makusudi. Kwenye kipande chetu inabaki *nimetafuta* isiyo na *-u-*. Sentensi hiyo inaeleweka, na mwalimu mwenyewe aliiacha ipite. Hoja ya tatu ya sarufi ingejaza ukurasa, kwa hiyo iandikwe kwenye daftari la mwalimu, pamoja na muda wake, na iwe swali la kufungulia kipindi kijacho: *Ufunguo wako, umeupata?*